Hodi Tatu na Doti Moja

Mwaka 2009 nilikuwa na miaka ishirini na moja, nina kazi yangu ya kwanza mjini Unguja, na nilikuwa nimempenda msichana mmoja tuliyekuwa tukifanya kazi pamoja. Sikuwahi kumwambia. Siku ya harusi ya mwenzetu mmoja nikapita Darajani, nikanunua doti ya kanga nyekundu, nikaifungisha kwenye karatasi ya maua, nikaenda nayo harusini. Pale pale ukumbini, mbele ya meza nzima ya wenzetu wa kazini, nikamkabidhi. Watu wakapiga makofi. Mmoja akapiga kigelegele. Yeye akaipokea kwa mikono miwili, akatabasamu, akasema ahsante.

Nilirudi nyumbani nikitembea kama niliyeokota dhahabu. Jumatatu yake, yule dada alihamia meza ya upande wa pili wa ofisi. Salamu zikabaki, ila za haraka haraka, za mtu anayechelewa. Miezi miwili baadaye nikaiona kanga yangu kwenye maulidi. Amejitanda mama yake mzazi. Nilikasirika, nikisema kumbe zawadi yangu haikuthaminiwa hata kidogo.

Nikaenda kumlalamikia bibi yangu. Bibi alikuwa amekaa ukumbini anachambua mchele, hakuinua hata uso. Akaniuliza, "Ulimpa mbele za nani?" Nikamwambia. Akauliza, "Jina lake nani?" Nikadhani anauliza jina la msichana. "Khaa! La kanga, baba, la kanga." Nikamtajia: *Japo sipati tamaa sikati.* Hapo ndipo alipoacha mchele. Akanitazama kwa muda, kisha akasema, "Sasa hapo umempa zawadi au umemfunga kamba?"

Makala hii ni jibu la swali lile, ingawa imenichukua miaka mingi kulipata. Nimekuwa nikisoma historia ya kanga kila nilipoweza, na nimewasikiliza wazee wa Ng'ambo kila waliponivumilia. Nilianza nikitafuta namna wahenga walivyotongozana. Nilichokikuta ni kwamba ustadi wao mkubwa haukuwa kwenye maneno ya kumvuta mtu. Ulikuwa kwenye kumwachia nafasi ya kuondoka bila aibu.

Tuanze na nguo yenyewe. Kanga moja ina upana wa kama mita moja na kidogo, na urefu wa kama mita moja na nusu. Pembeni pote ina pindo, katikati ina mji, na juu ya pindo la chini kuna mstari wa maandishi. Mstari huo ndio tunaouita jina. Huuzwa mbilimbili zikiwa zimeungana, na mbili hizo ndizo doti. Ukishanunua unazikata, unampelekea fundi azipinde. Moja hufungwa kiunoni, ya pili hujitandwa.

Mombasa wanaiita leso, na neno hilo ni la Kireno. Ni leso ile ile ya mkononi. Simulizi inayokubalika pwani ni kwamba katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mjini walinunua vitambaa vya leso vikiwa bado havijakatwa, wakavikata tatu tatu, wakaunga safu mbili ili wapate nguo moja pana. Baadaye wafanyabiashara wakaona faida, wakaanza kuagiza nguo iliyochapishwa nzima. Zile za mwanzo zilikuwa na madoadoa meupe, watu wakamkumbuka ndege kanga, na jina likabaki.

Kanga hizo za mwanzo hazikuwa na maandishi. Maandishi yalikuja mwanzoni mwa karne ya 20, na watu wengi wanamtaja mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana zaidi kwa jina la Abdulla, ambaye duka lake lilianza mwaka 1887. Mpaka leo kanga za nyumba hiyo zinatambulikana kwa alama ya "Mali ya Abdulla". Majina ya zamani yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu, kisha polepole yakahamia herufi za Kilatini tunazosoma sasa. Na asiyejua kusoma hakukosa kitu, kwa sababu kanga mpya ikiingia mjini jina lake lilipita kwa midomo kabla haijapita kwa macho.

Sasa nataka nirudi nyuma kidogo kabla ya maandishi, maana kuna jambo ambalo tukilisahau tutaielewa kanga vibaya.

Katika karne ya 19 sehemu kubwa ya watu wa Unguja walikuwa watumwa, na hali ya mtu ilionekana mwilini mwake. Mwanamke mtumwa alivaa merikani, ile nguo nyeupe ya bei rahisi iliyoletwa na meli za Marekani, au kaniki, ambayo ni nguo kama hiyo iliyotiwa rangi nyeusi ya nili. Aliifunga chini ya makwapa. Kichwa hakuruhusiwa kukifunika, kwa sababu kujifunika kichwa kulikuwa alama ya muungwana.

Tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed alitia saini amri iliyoondoa hadhi ya kisheria ya utumwa. Amri hiyo haikumweka mtu huru papo hapo. Aliyetaka uhuru alilazimika kwenda mwenyewe mahakamani kuuomba. Na kundi moja liliachwa nje: masuria, yaani wanawake watumwa waliowekwa na mabwana zao kama wake bila kuolewa. Amri ilisema hao wahesabiwe kama wake, na kwamba hawezi suria kuomba uhuru ila athibitishe kuwa anatendewa ukatili. Ilibidi wangoje mpaka mwaka 1909, amri nyingine ilipotolewa, ndipo nao wapate haki ile ile.

Hebu tulifikirie jambo hilo kwa upande wa mada yetu. Bwana wa nyumba angeweza kumwambia suria wake maneno matamu. Angeweza kumletea manukato na kumtania mpaka acheke. Lakini maneno yale yangekuwa nini hasa, ikiwa aliyeambiwa hana uwezo wa kusema hapana? Yangekuwa ni amri iliyopakwa asali. Utani wa mapenzi unahitaji watu wawili ambao kila mmoja anaweza kuamka akaenda zake. Pasipo na hilo, tabasamu la anayeambiwa halikupi habari yoyote, kwa sababu hana njia nyingine ila kutabasamu.

Ndiyo maana naona si jambo dogo kwamba wanawake waliotoka utumwani ndio walioikumbatia kanga kwa nguvu. Waliiacha kaniki, wakavaa rangi, wakajifunika vichwa. Wengi wao walijenga maisha mapya Ng'ambo, upande wa pili wa mkono wa bahari uliougawa mji siku hizo. Na wakati nguo hiyo ilipoanza kubeba maneno, wanawake wale na binti zao wakawa na kitu ambacho mama zao hawakuwa nacho: uwezo wa kuchagua neno gani walivae, na neno gani waliache sandukuni. Kanga ya mapenzi ilizaliwa ndani ya uwezo huo wa kukataa.

Haya, sasa nije kwa bibi na babu. Siwataji majina kwa sababu bibi hakutaka, na kwa sababu kisa chao hakikuwa cha ajabu kwa wakati wao. Kilikuwa cha kawaida, na ukawaida wake ndio unaonifaa hapa.

Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1950, Ng'ambo. Babu alikuwa fundi cherehani, akishona barazani. Kazi yake kubwa ilikuwa kupinda kanga, kwa hiyo kila jina lililoingia mjini lilipita chini ya sindano yake. Bibi alikaa vichochoro viwili kutoka pale. Mdogo wake wa kiume ndiye aliyetumwa kupeleka doti kwa fundi na kuzirudisha.

Babu alianza kumpenda bibi kwa kanga alizoleta yule mdogo wake. Alikuwa akisoma majina, akiona binti yule huchagua yenye mzaha. Hakusema kitu. Na alipozipinda alipokea pesa yake kama kwa mteja yeyote. Bibi alilisisitiza hili kila aliponisimulia. "Angekataa pesa ningejua ananidai," alisema. "Mtu akikufanyia bure mara tatu, ya nne unaona haya kumkatalia."

Kabla ya masika, babu alinunua doti tatu. Akampa dada yake mkubwa, aliyekuwa anajuana na mama yake bibi, azipeleke kama zawadi ya nyumba. Nyumbani kulikuwa na wanawake watatu: mama, shangazi na bibi. Doti mbili zilikuwa na majina ya kawaida, ya kumshukuru Mungu na ya kusifu uzazi. Ya tatu iliandikwa *Dalili ya mvua mawingu.*

Angalia alivyofanya. Methali ile kila mtu anaijua, na wakati wenyewe ulikuwa wa kungojea mvua. Aliyetaka kuisoma kama habari ya hali ya hewa angeisoma hivyo na hakuna ambaye angemshangaa. Dada mtu alizitandaza doti zote tatu mkekani akasema tu, "Chagueni." Hakusema ipi ya nani wala nani ametoa. Mama yake bibi, ambaye nadhani alishanusa jambo, akasema, "Chagua wewe kwanza, mwanangu, sisi wazee tunavaa lolote."

Bibi akazitazama. Alijua ni za nani, maana dada wa fundi ni dada wa fundi. Akaichukua ile ya tatu na kusema, "Kweli, masika yamekaribia." Basi. Wakaenda kwenye habari nyingine.

Nilimwuliza bibi kama pale ndipo alipokubali. Akanicheka. "Nilikubali nini? Nilichukua kanga. Nilimwambia nimesikia." Kwake kulikuwa na tofauti kubwa kati ya kusikia na kukubali, na wote waliokuwapo mkekani pale waliijua tofauti hiyo. Kama hakumtaka angechagua doti nyingine, ile ya mvua ikachukuliwa na shangazi, na dada mtu angerudi kumwambia nduguye, "Zawadi zimefika, wameshukuru." Babu angejua jibu. Na kesho yake wangeweza kusalimiana njiani kama jana, kwa sababu hapakusemwa neno la kukataliwa.

Hapa pana jambo la kuelezwa. Siku hizo mwanamke akitoka kwenda mbali huvaa buibui juu, kwa hiyo kanga haikusomwa barabara kuu. Ilisomwa mlangoni, uani, kwenye bomba la maji la mtaa, na kwenye kamba ya kuanikia. Kwenye kamba ndipo bibi alipojibu. Alikuwa na kanga ya zamani yenye jina *Haraka haraka haina baraka.* Akaifua, akaianika upande wa kichochoro ambako babu alipita kwenda msikitini, na akaianika juu chini. Jina likawa limepinduka.

Babu alipopita aliona maandishi ila hakuweza kuyasoma bila kugeuza kichwa, na kina kaka barazani walikuwa wakimtazama. Mwanamume anayesimama kichochoroni na shingo upande mbele ya nguo za wenyewe ataulizwa maswali. Basi akaiangusha kofia yake. Akainama kuiokota, akachelewa kidogo huko chini, akasoma kila neno. Akiwa ameinama hivyo akasikia kicheko kutoka nyuma ya dirisha.

Bibi alikisimulia kisa hiki mara nyingi, na kila mara alipofika kwenye kofia alicheka kama anaiona. Ndipo nilipoelewa kwamba ule ulikuwa mchezo, na kwamba ulikuwa wa wote wawili. Yeye ndiye aliyempa babu mtihani. Babu aliufanya bila kulalamika na bila kumtia mtu aibu, kofia yake mwenyewe ndiyo iliyokula vumbi.

Lakini jibu lenyewe lilisema ngoja. Na babu akangoja. Alikuwa akipita kile kichochoro mara tano kwa siku kwa sala zote. Akapunguza, akapita kwa Alasiri tu, nyingine akazunguka njia ya mbali. Hakutuma doti nyingine. Yule mdogo mtu alipokuja na kanga za kupinda, babu alimpa salamu za nyumba nzima bila kumtaja yeyote. Masika yakaanza, yakanyesha, yakaisha. Siku ya Idi Kubwa alikwenda na dada yake kumpa mama mtu mkono wa Idi, kama walivyofanya majirani wote. Bibi ndiye aliyefungua mlango, na alikuwa amejitanda *Dalili ya mvua mawingu*, jina likiwa kifuani, limenyooka, linasomeka.

Babu akasema, "Mbona mvua imeshapita?" Bibi akajibu, "Vuli bado." Waliowasikia walidhani wanazungumza habari ya mihogo. Posa ilipelekwa kabla ya vuli kuanza.

Nimekisimulia kisa hiki kwa urefu kwa sababu kila hatua yake ina mlango. Kwenye mkeka alikuwa na doti mbili nyingine za kuchagua. Kwenye kamba angeweza asianike chochote. Kwenye Idi angeweza kuvaa kanga yoyote, au akamwacha shangazi afungue mlango. Na sisi Waswahili tunayo desturi inayoeleza jambo hilo kuliko nadharia yoyote: hodi. Unapiga hodi mara tatu, na usipojibiwa unaondoka. Huulizi kwa nini hukujibiwa, huchungulii dirishani, na ukikutana na mwenyewe kesho humsuti kwamba jana ulimsikia ndani. Babu alipiga hodi moja tu. Nyingine mbili alizihifadhi.

Sasa nisije nikawadanganya. Ulimwengu ule haukuwa pepo. Wasichana wengi waliozwa bila kuulizwa, na wale wa koo za kitajiri waliishi utawani, wasionekane na mtu. Hayo niliyoyasimulia hayakuwa sheria ya mji mzima. Kila mtaa ulikuwa na mambo yake. Michezo ya kanga ilichezwa kwenye mianya midogo, palipokuwa na mama kama yule aliyesema "chagua wewe kwanza".

Tena kanga hiyo hiyo ilijua kuuma. Wake wenza waliandikiana vita nzima bila kufungua vinywa. Jirani aliyegombana na jirani alinunua jina la kijembe na kupita nalo mlangoni kwa mwenzake mara tatu, na akiulizwa husema, "Mie nimevaa nguo tu, wewe ndiye unayejishuku." Hapo fumbo linafanya kazi nyingine kabisa, na inafaa kuitazama vizuri kwa sababu hata kwenye mapenzi hutumika vivyo hivyo.

Fumbo lina maana mbili, kwa hiyo lina milango miwili. Swali ni nani anayetumia mlango wa pili. Babu alipotuma *Dalili ya mvua mawingu*, mlango wa pili ulikuwa wa bibi: angeweza kuifanya habari ya mvua na mambo yakaisha. Lakini yupo mwanamume anayemwambia mfanyakazi mwenzake maneno yenye ukakasi, na mwenzake akikunja uso husema, "Aa, mbona unanielewa vibaya, mie nilikuwa natania." Huyo naye ametumia fumbo, ila mlango wa pili ameujengea nafsi yake. Amemwachia mwenziwe aibu yote, kwani sasa aliyeudhiwa ndiye anayeonekana hana akili ya utani.

Namna ya kuwatofautisha ni rahisi, na bibi aliniambia kwa maneno machache: tazama anachofanya akinyamaziwa. Anayekuachia mlango akinyamaziwa hupunguza. Huzunguka njia ya mbali, kama babu. Anayejificha nyuma ya utani akinyamaziwa huongeza: hurudia mzaha ule ule kwa sauti kubwa zaidi na mbele ya watu wengi zaidi, mpaka kunyamaza kwenyewe kuwe kosa. "Mbona hunijibu? Unaringa?" Maneno hayo nayasikia kila siku Darajani, na vijana wanaoyasema huniambia kwamba ndivyo mababu walivyotongoza. Hapana. Babu yangu aliinama kuokota kofia ili asimwaibishe mtu. Nyie mnapiga miluzi.

Sasa nirudi kwenye kanga yangu nyekundu. Bibi alinichambulia makosa yangu kama mchele, na nayaandika hapa kwa mpangilio wake.

La kwanza lilikuwa watu. Nilimpa mbele ya meza nzima, na mtu aliyetazamwa na macho kumi na tano hawezi kurudisha zawadi bila kuonekana mkorofi. Makofi yale niliyoyafurahia yalikuwa kufuli. Babu alipitisha zawadi yake kwenye chumba cha wanawake watatu wa nyumba moja, naye mwenyewe hakuwapo. Mimi nilisimama mbele yake nangoja uso wake.

La pili lilikuwa jina. *Japo sipati tamaa sikati* ni jina zuri, na kwa watu waliokwishapendana lina utamu wake, kama mume anayembembeleza mkewe aliyenuna. Lakini kwa mtu ambaye hujamwambia kitu, linasema kwamba hata akikataa hutoki mlangoni. Ni hodi ya nne kabla ya hodi ya kwanza. Tena halina maana ya pili. Mvua inaweza kuwa mvua. Tamaa ni tamaa tu, na mwenye kanga hiyo akiulizwa na mama yake hana pa kuipeleka.

La tatu lilikuwa kwamba sikujua kusoma. Hili lilinichukua muda zaidi. Nilidhani yule dada hakunijibu, kumbe alinijibu mara mbili. Alipohamisha meza alinijibu. Na kanga alipompa mama yake alinijibu kwa lugha ile ile niliyojifanya mimi ni fundi wake. "Kanga ya mapenzi akipewa mama imekuwa nguo," bibi alisema. "Hakukutupia. Hakuichana. Ameirudisha kwenye heshima. Ungekuwa babu yako ungeelewa siku ile ile, ukamwamkia mama wa watu, ukaenda zako." Mimi nilikasirika.

Siku hizi hodi zinapigwa kwenye simu. Unaandika neno, unaona alama mbili za buluu, unajua limesomwa, na jibu halija. Vijana wangu wa ofisini huziona alama zile kama dharau, huandika tena, na tena, halafu alama ya kuuliza peke yake. Mimi naziona kama ile kamba ya kuanikia ambayo siku ile haikuanikwa kitu. Mwenyewe yumo ndani, amesikia hodi, hakufungua. Hilo ni jibu, tena ni la adabu.

Miaka michache iliyopita nilikutana na yule dada kwenye boti ya kwenda Dar es Salaam. Ana mume na watoto wawili, mmoja akiwa amelala mapajani mwake. Tukasalimiana vizuri, tukakaa. Bahari ilikuwa tulivu, nikapata ujasiri, nikamwambia kwamba nimekuwa nikitaka kumwomba radhi kwa ile siku ya harusi.

Alifikiri kidogo, kama anayetafuta kitu kwenye sanduku la zamani. Kisha akatabasamu, na safari hii hakuna aliyekuwa anatutazama.

"Kanga ilikuwa nzuri," akasema. "Mama anayo mpaka leo. Watu tu ndio walikuwa wengi."